Mtoto analala au amelala? *Stare* na jerundio mikononi mwa mfasiri wa Kiswahili

Anayeanza kufasiri kutoka Kiitaliano hufundishwa mapema kanuni inayoonekana haina tatizo: ukikuta kitenzi *stare* kikifuatwa na jerundio, yaani kitenzi chenye mwisho wa *-ando* au *-endo*, weka -na-. *Sto leggendo*, ninasoma. *Sta piovendo*, mvua inanyesha. *Stiamo mangiando*, tunakula. Kanuni hii itamfikisha mbali, halafu atakutana na sentensi ambayo hata mtoto angeielewa: *Il bambino sta dormendo*. Akiandika "Mtoto analala", msomaji wa Tanga au Mombasa atabaki akingoja sehemu iliyosalia: analala wapi, analala na nani, analala saa ngapi? Mama aliyetoka chumbani na kuurudisha mlango polepole anawaambia wageni "Mtoto amelala", basi.

Kosa hapa si la msamiati. Limetokana na kudhani kwamba lugha mbili zikiwa na umbo la tendo linaloendelea, maumbo hayo yanakaa mahali pamoja. Ninavyoona mimi, mfasiri hapaswi kuanza na kiambishi kabisa. Aanze kwa kujiuliza sentensi ya Kiitaliano imelikamata tendo katika hatua gani, kisha aulize kitenzi cha Kiswahili atakachokitumia kinataja hatua ipi. Kiambishi kitajileta chenyewe baada ya hapo, na mara nyingine hakitakuwa -na-.

Tuanze na upande wa Kiitaliano. *Stare* asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama, na hadi leo hutumika pia kusema mtu yu hali gani au yuko wapi. Kikiungana na jerundio hufanya kazi moja mahsusi: kinachagua nukta ya wakati na kusema kwamba kwenye nukta hiyo tendo lilikuwa limeshaanza na halijaisha. Mwanaisimu Pier Marco Bertinetto, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu njeo na hali katika kitenzi cha Kiitaliano bado kinatajwa sana, amelieleza jambo hili kwa kina. Kwa sababu ya sharti la nukta, umbo hili halikubali njeo zinazolichukua tendo zima kama kitu kilichofungwa. Mwitaliano wa leo husema *sto leggendo*, *stavo leggendo* na *starò leggendo*, lakini hasemi *sono stato leggendo*. Vilevile vitenzi vya kujua na kuwa na kitu havilitaki umbo hili: hakuna *sto sapendo*. Anayesema *sto capendo* hasemi "naelewa", bali "naanza kuelewa", jambo linamfungukia kidogo kidogo.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba umbo hili si la lazima. Ukimpigia simu rafiki yako wa Napoli na kumuuliza *Che fai?*, anaweza kukujibu *Leggo* kwa njeo ya kawaida ya wakati uliopo, na maana yake ni kwamba anasoma sasa hivi. *Leggo* hiyohiyo inaweza pia kumaanisha kwamba yeye ni mtu wa kusoma. *Sto leggendo* inafunga mlango huo wa pili. Kwa hiyo mwandishi wa Kiitaliano anapochagua umbo refu amechagua kukaza jambo: ni sasa, ni tendo hili moja, halijaisha.

Kiambishi -na- cha Kiswahili cha leo hakikazi hivyo. "Baba anavuta sigara" inafaa kumjibu daktari anayeuliza tabia za mgonjwa, na inafaa kumjibu jirani anayeuliza baba anafanya nini barazani. Kwa kawaida mazingira yanatosha, na mfasiri hana haja ya kuongeza kitu. Shida huja pale Kiitaliano kinapoyaweka mawili hayo kando kwa kando: *Di solito beve tè, ma oggi sta bevendo caffè*. Hapo tunacho kiambishi hu- cha mazoea, nacho kinafanya kazi safi: "Kwa kawaida hunywa chai, lakini leo anakunywa kahawa." Kumbe namna nzuri ya kukaza -na- ni kuiacha kama ilivyo na kuyapa mazoea kiambishi chao. Pale ambapo hakuna mazoea ya kulinganisha, "sasa hivi" au "hapa" vinatosha. Katika mazungumzo tuna pia "yupo anakula", ambayo iko karibu sana na *sta mangiando*. Ningeitumia bila woga katika maneno ya mhusika wa riwaya, ila si katika hati ya mahakama.

Kuna dawa moja ya uongo ambayo ningependa iachwe, nayo ni "kuendelea". Katika tafsiri nyingi *sta lavorando* hugeuka kuwa "anaendelea kufanya kazi". Mwitaliano akitaka kusema hivyo anayo *continua a lavorare*. "Anaendelea" huleta habari ambayo haikuwamo: kwamba kuna kitu kilichotarajiwa kumsimamisha, naye hakusimama. Katika taarifa ya polisi au ripoti ya hospitali nyongeza hiyo si ndogo. Mgonjwa *che sta perdendo sangue* ni mgonjwa "anayetoka damu". "Anayeendelea kutoka damu" ni yule aliyekwisha kushughulikiwa na damu ikagoma kukata.

Sasa turudi kwa mtoto wetu, maana hapo ndipo penye utajiri. Kiitaliano kina vitenzi viwili kuhusu usingizi: *addormentarsi* ni kuingia usingizini, *dormire* ni kuwa usingizini. Kiswahili kinatumia kulala kwa yote mawili, na kimsingi kitenzi hicho kinataja kule kuingia: kujilaza, kuuendea usingizi. Kwa hiyo aliye katikati ya usingizi, kwa macho ya Kiswahili, ni mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti, naye hupewa -me-. *Sta dormendo* ni "amelala". *Si sta addormentando* ndiyo inayokaribia -na-: "usingizi unamchukua", au kwa mtoto aliyekwisha kubebwa kitandani, "ndiyo analala".

Kulala hakuko peke yake. Viko vitenzi vingi vya namna hii katika Kiswahili, hasa vya mwili na mkao wake: kukaa, kusimama, kuinama, kuegemea, kushika, kubeba, kuvaa, kukumbatia, kunyamaza, kujificha. Kwa baadhi yake Kiitaliano kinakubaliana nasi. Aliyetulia kitini ni *è seduto*, "amekaa", na anayejiweka kitini ni *si sta sedendo*, "anakaa". Mfasiri hapati taabu hapo. Taabu iko kwenye vitenzi ambavyo Kiitaliano kinavihesabu kuwa ni vya hali yenyewe na kuvipa *stare* bila wasiwasi. *Sta tenendo la corda* ni "ameshika kamba". *La sta abbracciando* ni "amemkumbatia". *Sta tacendo* ni "amenyamaza". Ukiandika "anashika kamba, anamkumbatia, ananyamaza", umempa msomaji mtu anayenyoosha mikono au anayefunga mdomo, na picha aliyoichora mwandishi imekwisha kuyumba.

Nitajuaje kitenzi fulani ni cha namna hii? Kipimo ninachokiamini ni neno "bado". Weka "bado" mbele ya umbo la -me- usikilize sikio lako. "Bado amelala", "bado amesimama", "bado amekasirika", "bado ameshika kamba": yote yanakubalika, kwa sababu -me- hapa inataja hali iliyopo ambayo inaweza kukoma. "Bado amesoma" au "bado amekula" hayasemeki. Hapo -me- inataja tendo lililokwisha. Kitenzi kinachopita kipimo cha "bado" kipewe -me- pale Kiitaliano kinapotumia *stare* kwa hali. Kisichopita kipewe -na-. Kipimo hiki kinazuia pia kosa la upande wa pili. *Sta morendo* haiwezi kuwa "amekufa", na "bado amekufa" haisemeki, kwa hiyo ni "anakufa", au kwa adabu ya kawaida, "yu mahututi". Vivyo hivyo mtu akipiga kelele ufukweni Watamu, ambako Kiitaliano husikika kila siku, *Sta affogando!*, anayemfasiria mwokoaji lazima aseme "Anazama!" Akisema "Amezama" amebadilisha kazi ya mwokoaji.

Vitenzi kadhaa vina milango miwili, na mfasiri analazimika kuangalia tukio lenyewe. *Il ladro si sta nascondendo* inaweza kuwa "mwizi anajificha", yaani anatafuta pa kujibanza, au "mwizi amejificha", yaani yuko huko darini kimya. *Sta portando un secchio* ni "amebeba ndoo" kama tunaangalia mkao wake, lakini ni "analeta ndoo" au "anapeleka ndoo" kama tunaangalia safari. Kiitaliano kimeacha wazi. Kiswahili hakiachi wazi. Mfasiri asiyejua ndoo inakwenda wapi arudi kwenye ukurasa uliotangulia kabla hajaamua.

Tofauti hii inajitokeza pia mahali ambapo wengi hawaitazamii, yaani katika kirejeshi. Kiswahili sanifu hakiweki kirejeshi ndani ya umbo la -me-. Nafasi yake inachukuliwa na -li-. Kwa hiyo *il bambino che sta dormendo* ni "mtoto aliyelala", ingawa amelala sasa hivi na wala si jana. "Mtoto anayelala" ni yule ambaye kazi yake ni kulala, au ambaye kwa kawaida hulala mahali fulani: "mtoto anayelala chumba cha mwisho". *L'uomo che sta reggendo la scala* ni "mtu aliyeshika ngazi". Mwanafunzi makini wa njeo huiogopa hiyo -li- kwa kuwa aliambiwa ni wakati uliopita, akaandika "anayeshika". Asiogope. Kama kuna hatari ya kueleweka vibaya, "huyo aliyelala pale" inaondoa shaka.

Ukanushi nao una tabia yake. *Non sta dormendo, sta leggendo* ni "Hajalala, anasoma". Kwa vitenzi vya hali, -ja- ndiyo inayokanusha vizuri, ingawa inabeba dokezo kwamba huenda atalala baadaye; kama dokezo hilo halifai, "yuko macho" ni safi zaidi. Vitenzi visivyo vya hali vina mtego mwingine. Katika ukanushi wa wakati uliopo, tendo la sasa na mazoea hukutana katika umbo moja: "havuti sigara" ni *non fuma* na ni *non sta fumando*. Hapo "sasa hivi" si pambo tena. Bila neno hilo mtu aliyeweka sigara chini kwa dakika tano ameshageuzwa kuwa mtu asiyevuta.

Tukivuka kwenda wakati uliopita, *stavo leggendo* inatupa uchaguzi ambao wahariri hubishania: "nilikuwa nasoma" au "nilikuwa nikisoma"? Zote ni Kiswahili safi. Lakini "alikuwa akisoma" inakubali kurudiarudia bila shida: "alikuwa akisoma kila jioni". *Stava leggendo* haikubali hilo kirahisi. Ni nukta moja. *Leggeva*, umbo fupi, ndilo linalokubali yote mawili. Kwa hiyo mimi huiachia *leggeva ogni sera* umbo la -ki-, na kwa *stava leggendo quando è squillato il telefono* huandika "alikuwa anasoma, mara simu ikaita". Hiyo "mara... ika-" inalipa tendo la pili ule ukali wa kukatiza ambao Kiitaliano kiliupata kwa kubadilisha njeo.

Kuna mahali ambapo -ki- haina mshindani, nako ni baada ya kuona, kusikia na kukuta. *L'ho visto che stava attraversando la strada*: "Nilimwona akivuka barabara." Hata hapa kanuni ya hali inashika usukani. *L'ho trovato che stava dormendo* si "nilimkuta akilala", ni "nilimkuta amelala". -Ki- ina sharti lake: inataka kitenzi cha kuegemea. Kuna wafasiri ambao, kwa kuwa jerundio peke yake mara nyingi ni -ki- (*camminando*, "akitembea"), huunda "yuko akisoma" kwa ajili ya *sta leggendo*. Kiswahili hakilipokei umbo hilo. -Ki- ikikosa kitenzi kikuu huanza kusikika kama sharti, "akisoma" kwa maana ya "iwapo atasoma".

*Starò*, *starai*, *starà* inastahili uangalifu kwa sababu jina lake linadanganya. Ni njeo ya wakati ujao, lakini ikiungana na jerundio mara nyingi haisemi habari za kesho. *A quest'ora starà mangiando* ni kisio kuhusu sasa. Kwa bahati njema Kiswahili kina njia hiyohiyo: "Saa hizi atakuwa anakula." Kwa kitenzi cha hali: *starà dormendo*, "atakuwa amelala". Kesho yenyewe, ile iliyopangwa, Mwitaliano huitaja kwa njeo ya kawaida: *Domani parto*. Anayefasiri kurudi Kiitaliano asikie "kesho naondoka" na asithubutu kuandika *domani sto partendo*. -Na- yetu inafika kesho. *Sto* ya jerundio haifiki.

Tuvijaribu vipimo hivi kwenye kifungu kimoja nilichokitunga kwa Kiitaliano chepesi cha masimulizi:

*Quando sono entrato, il nonno stava dormendo sulla sedia, la nonna stava cucinando e i bambini stavano giocando in cortile. Stava per piovere. «Che state facendo?» ho chiesto. «Ti stiamo aspettando da due ore», ha detto la nonna, che stava tenendo il coperchio con uno straccio. «Sto finendo.»*

Tafsiri ya kanuni moja itakuwa hivi: "Nilipoingia, babu alikuwa analala kwenye kiti, bibi alikuwa anapika na watoto walikuwa wanacheza uani. Ilikuwa inanyesha. 'Mnafanya nini?' niliuliza. 'Tunaendelea kukungoja kwa saa mbili,' alisema bibi, ambaye alikuwa anashika kifuniko kwa kitambaa. 'Ninamaliza.'" Kila neno limehesabiwa, na karibu kila picha imeharibika. Babu anajilaza badala ya kuwa usingizini. Mvua imeshaanza kunyesha kabla ya wakati, maana *stare per* si jerundio hata kidogo. Ni jambo lililo karibu kutokea. Kifuniko ndiyo kwanza kinaguswa.

Mimi ningeandika: "Nilipoingia, babu alikuwa amelala kitini, bibi anapika, watoto wanacheza uani. Mvua ilikuwa karibu kunyesha. 'Mnafanya nini?' nikauliza. 'Tunakungoja wewe, saa mbili nzima sasa,' akasema bibi, kashika kifuniko kwa kitambaa. 'Namalizia.'"

Katika sentensi ya kwanza kitenzi "kuwa" kimetajwa mara moja tu, kwa babu. Baada ya hapo wakati uliopita umeshawekwa, na "anapika" na "wanacheza" vinaegemea juu yake bila kurudia "alikuwa" na "walikuwa". Kiitaliano, kikishachagua umbo refu, kinarudia *stava*, *stava*, *stavano* kwa sababu hakina namna ya kuiacha. Maswali na majibu yamepewa -ka-, kwa kuwa ndiyo yanayosukuma hadithi mbele, na yale yanayoendelea yamebaki nyuma kama mandhari. *Da due ore* ndiyo iliyonitaabisha zaidi. "Tumekuwa tukikungoja kwa saa mbili" ni sahihi kisarufi, na magazeti huiandika kila siku, lakini sijawahi kumsikia bibi aliyekasirika kidogo akiisema. "Saa mbili nzima sasa" inabeba muda na lawama kwa pamoja. "Kashika" ni umbo la mazungumzo la "ameshika", na linafaa kwa kuwa msimulizi ni mjukuu, si karani.

Neno la mwisho la bibi halikutatuliwa na kiambishi cha njeo hata kimoja. *Sto finendo* inasema mwisho unakaribia lakini haujafika. "Ninamaliza" inaelekea huko, ila inaweza pia kumaanisha kwamba ameamua kuacha. Kunyambua kitenzi ndiko kulikosaidia: kumalizia ni kufanya kile kidogo kilichobaki, na aliyepika jikoni kwake miaka yote hutamka "namalizia" huku akiwa bado na mwiko mkononi.